Jogoo Aliyewika Wakati wa Matangazo

Mahubiri ya Jumapili ya tano ya Kwaresima. Somo: Luka 22:54–62

Neema na iwe kwenu, na amani, zitokazo kwa Mungu Baba yetu na kwa Bwana wetu Yesu Kristo. Amina.

Washarika wapendwa, Bwana Yesu asifiwe!

Mliokuwapo Sikukuu ya Mavuno mwaka jana mtakumbuka jinsi mbele hapa palivyojaa. Mikungu ya mshare iliegemea ukuta hadi karibu na kwaya, kulikuwa na madebe ya mahindi, maharage, trei za mayai, kahawa, na maziwa ya mama zetu wa mtaa wa juu. Na pale karibu na nguzo, ndani ya kikapu, mama yetu mmoja alikuwa ameweka sadaka yake: jogoo mwekundu, mkubwa, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Jogoo yule alitulia kuliko watoto wetu wa shule ya Jumapili. Liturujia ikapita, masomo yakapita, kwaya ya vijana ikaimba kwa ngoma na kayamba, yeye kimya.

Ukafika wakati wa matangazo. Mzee wetu wa kanisa akavaa miwani, akafika mahali pa ratiba, akasoma kwa sauti ile yake nzito: "Jumapili ijayo ibada ya kwanza itaanza saa moja kamili asubuhi. Washarika mnaombwa kuwahi."

Kokorikooo!

Mzee akanyamaza. Akamtazama jogoo, akatutazama sisi, akasema, "Naona tangazo limepokelewa." Kanisa zima likacheka, wazee kwa watoto, na mama mwenyewe akacheka hadi akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

Baada ya ibada, kwenye mnada pale nje, jogoo alianzia shilingi 20,000. Akapanda, akapanda, kijana mmoja akamchukua kwa 60,000. Alipokabidhiwa hakwenda naye. Akavuka umati, akamwekea mama mikononi, akasema, "Namrudisha kwako mama, aendelee kutuamsha." Alhamisi iliyopita nilipita kwa mama huyo kumwomba ruhusa ya kuisimulia habari hii madhabahuni. Akasema, "Simulia, Mchungaji, na bei uitaje." Nimeitaja, mama. Na jogoo nilimwona uani, yu mzima, ana mitetea yake.

Siku ile jogoo aliwika tukacheka. Leo tumesoma habari ya jogoo mwingine aliyewika, na mtu mzima, mvuvi, baba mwenye nyumba yake kule Kapernaumu, akatoka nje akalia kwa majonzi. Nawaomba tukae na mtu huyo kwa muda, kwa sababu tumebakiza wiki mbili kufika Pasaka, na wako ndugu zetu ambao bado wamesimama pale aliposimama yeye.

Petro hakuwa mwoga. Tusimsome hivyo. Saa chache kabla ya hapo, bustanini, watu walikuja na taa na silaha, na yeye peke yake akachomoa upanga. Tena wakati wengine walipokimbia, yeye alifuata, kwa mbali, lakini alifuata mpaka ndani ya ua wa Kuhani Mkuu. Mtu mwenye upanga hakumwangusha. Aliyemwangusha ni kijakazi, msichana wa kazi, aliyemtazama usoni kwenye mwanga wa moto akasema, huyu naye alikuwa pamoja naye.

Ilikuwa baridi. Yohana ndiye anayetuambia, anasema walikuwa wamewasha moto wa makaa. Sisi wa Machame hatuhitaji kuelezwa baridi. Mwezi wa saba hapa kila mtu anatafuta jiko. Yerusalemu nako ni mji wa milimani, na usiku wa majira ya Pasaka una baridi yake. Petro akasogea penye joto. Hakuna dhambi katika kuota moto. Lakini mara nyingi tunamkana Bwana hivyo hivyo, tukiwa tumekaa vizuri na watu, mazungumzo yanaendelea, na hatutaki kuwa yule anayeharibu kikao. Kijana anaulizwa kazini, "Kwani wewe nawe ni wa hao walokole?" anasema, "Aa, mimi? Hapana." Mfanyabiashara anaona mizani inapunja mkulima wa kahawa, naye yumo kwenye kikundi hicho, ananyamaza ili asitengwe. Hakuna aliyewawekea upanga shingoni. Ni joto tu la kukubalika.

Kisha Luka anaandika jambo ambalo wengi tunalipita haraka. Kati ya kukana mara ya pili na mara ya tatu, anasema ilipita kama saa moja. Saa nzima! Hakuna anayemwuliza chochote. Mlango upo. Angeweza kuondoka, angeweza kusema, "Jamani, nilichosema si kweli." Akabaki pale pale, na ule uongo wa kwanza ukamkalisha. Ndivyo uongo ulivyo, ndugu zangu. Ukishausema mbele ya watu, unaanza kuulinda. Naamini saa ile ilikuwa ndefu kwa Petro kuliko usiku wa dhoruba baharini.

Ikaja mara ya tatu, na safari hii kilichomtoa ni lafudhi. Mathayo anasema waliokuwapo walimwambia kwamba usemi wake unamtambulisha: Mgalilaya huyu. Hili nalo tunalijua. Shuka Moshi mjini, fungua kinywa, mtu wa Marangu anajua mara moja kwamba wewe ni wa Machame, na ndugu yetu wa Rombo hajamaliza salamu ameshajulikana. Petro alikuwa na Galilaya mdomoni. Alikana kwa maneno yale yale aliyofundishwa na mama yake, na kwa lafudhi ile ile aliyomwitia Yesu, "Bwana, niokoe." Hakuweza kujificha, hata aape.

Naye alipokuwa katika kusema, jogoo akawika.

Luka peke yake anaongeza kitu hapa, na kwangu mimi ndicho kiini cha somo la leo: "Bwana akageuka akamtazama Petro." Yesu yu chini ya ulinzi, usiku ule ule ataanza kupigwa na kudhihakiwa, na katikati ya hayo anageuka. Biblia haituambii uso wake ulikuwaje. Lakini tunajua alichokuwa amekwisha kukisema mezani, kabla haya yote hayajatokea: "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Hakusema, kama utaongoka. Alisema, utakapoongoka. Kurudi kwa Petro kulikuwa kumekwisha kuombewa kabla ya kuanguka kwake, na kazi yake baada ya kurudi ilikuwa imekwisha kupangwa.

Ndiyo maana nasema jogoo yule hakuwika kumhukumu Petro. Jogoo kazi yake ni kuamsha. Warumi waliugawa usiku katika zamu nne, na ile zamu ya tatu ilijulikana kwa kuwika kwa jogoo: giza bado lipo, lakini usiku umekwisha kupinduka. Petro alilia gizani, ndiyo, ila alilia saa ile ambayo alfajiri imeshaanza kuja. Kule Yerusalemu, kwenye mteremko wa mlima Sayuni, liko kanisa linalokumbuka tukio hili, na juu ya paa lake wameweka jogoo. Waliolijenga wangeweza kuificha aibu ya mtume mkubwa. Waliiweka juu, mahali pa kuonekana toka mbali.

Tena fikirini: habari hii imo katika Injili zote nne. Nani aliisimulia? Uani kwa Kuhani Mkuu, kati ya wale waliouota moto, nani angekuja kuwaambia wanafunzi kila neno? Mapokeo ya kanisa la kwanza yanasema Marko aliandika aliyoyasikia kwa Petro mwenyewe. Yaani mzee yule alikuwa anasimama mbele ya washarika na kusema, mimi nilimkana, mara tatu, kwa kiapo. Mtu haisimulii aibu yake hivyo mpaka awe amesamehewa kweli.

Na alisamehewa wapi? Kando ya bahari, Yohana sura ya 21. Wanafunzi wanashuka na nyavu zao, samaki 153, na pwani wanakuta nini? Moto wa makaa. Moto mwingine, na samaki juu yake, na mkate. Neno la kwanza la Bwana kwao pale ufukweni, walipokwisha kuleta samaki wao, lilikuwa, "Njoni mfungue kinywa." Kwanza wakala. Baada ya kula ndipo akamwuliza, "Simoni wa Yohana, je, wanipenda?" Mara tatu, na kila mara akampa kazi. Hakumwuliza hata mara moja, kwa nini ulifanya vile?

Sasa naomba niseme wazi, kwa upendo. Katika usharika wetu wako waliotengwa Meza ya Bwana, na wako ambao hakuna aliyewatenga, wamejitenga wenyewe kwa aibu. Kuna ndoa ambazo hazijabarikiwa. Kuna aliyekopa fedha za kikundi akashindwa kurudisha, sasa akiona akina mama wa kikundi anapita njia ya chini ya mto. Kuna baba ambaye pombe ilimshusha mbele ya watoto wake. Wengine wamekaa hapa leo, viti vya nyuma, karibu na mlango. Mmefanya vyema kuja. Nawasalimu kwa jina la Bwana, na sitamtazama mtu.

Kurudi kundini si kusimamishwa ili tuaibishwe. Nitakuwapo ofisini Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa tisa alasiri, wiki hii. Anayeona ugumu kufika ofisini anitumie ujumbe, nitakwenda nyumbani kwake. Atakayependa kuja na mzee wa kanisa wa mtaa wake, aje naye. Atakayependa kuja peke yake, tutaongea wawili. Wazee watakaa Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi kupokea majina, ili Alhamisi Kuu, Mezani, asikosekane mtu anayetaka kuwapo.

Nasi tuliobaki tuna kazi. Atakaporudi jirani yako, usimwulize alikuwa wapi miezi yote hii. Msogezee kitabu cha nyimbo, mpe nafasi kwenye benchi. Baada ya ibada mwalike chai. Kina mama wa mtaa, najua mnajua kupika, na najua hamhitaji kufundishwa jinsi ya kumkaribisha mtu.

Na wewe kijana uliyeulizwa kazini ukasema "mimi hapana," kesho utaulizwa tena. Bwana amekuombea.

Tusimame.

Na amani ya Mungu, ipitayo akili zote, itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu katika Kristo Yesu. Amina.