Unabonyeza 21, inafunguka 22

Mzee Mgaya huwa hapigi simu kulalamika, anapiga kutoa taarifa, na ndo maana ofisi nzima ilikuwa inamwogopa. "Injinia, leo tena nimebonyeza 21 ikafunguka 22. Miche ya juu haijapata kitu na ya chini imekunywa mara mbili. Nimeandika kwenye daftari." Halafu anakata, hata hasubiri pole.

Mfumo wenyewe hauna maajabu. Kontrola moja na bodi 4 zimefungwa ukutani kwenye nyumba ya pampu, kila bodi ina chipu moja ya 74HC595 na rilei 8, jumla valvu 32 za kumwagilia parachichi, shamba liko nje kidogo ya mji wa Njombe. Data inaingia bodi ya kwanza, inatokea mkiani, inaingia ya pili, hivyo hivyo mpaka ya nne. Kloki, yaani mapigo yanayoamuru biti zisogee hatua moja, nayo inarukia bodi kwa bodi, ila yenyewe kabla ya kuingia kila bodi inapitia rizista, kapasita na bafa, kwasababu huko nyuma pampu ilikuwa ikiwaka inamwaga kelele kwenye waya na valvu zinacheza zenyewe. Kichujio kiliwekwa, kelele ikaisha, watu wakapongezana.

Rehema alikuwa mgeni pale ofisini, katoka chuo juzi juzi, na kazi za hivi ndo wanapewa wageni. Akachukua seti ya spea, akaifunga mezani kwenye karakana Dar, akaandika programu ya kufungua valvu moja moja na kusoma rilei ipi imeitikia, akaiacha inazunguka usiku kucha. Asubuhi hakuna kosa hata moja. Akaongeza joto, akatikisa waya, akapunguza volti kidogo, akawasha drili pembeni yake makusudi. Wapi.

"Punguza spidi," akasema Kessy, bosi wake, bila hata kuinua macho kwenye simu. "Waya mrefu, spidi kubwa, data inachelewa. Ukipunguza inakaa sawa."

Rehema akapanda basi la alfajiri la Njombe. Anayejua barabara ile anajua, ukishapita Makambako unaanza kutafuta sweta kwenye begi, na ilikuwa mwezi wa saba. Mzee Mgaya akampokea stendi jioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, kamwene. Hilo ndo koti lako? Utakufa."

Kesho yake saa 12 asubuhi wako nyumba ya pampu, pumzi zinatoka moshi, vidole vya Rehema vimegoma kushika bisibisi. Akabonyeza 21. Ikalia 22. Moyo ukaruka kwa furaha, maana kosa unaloliona kwa macho yako tayari umelishika mkia, kosa la kusimuliwa ndo linaua. Akafungua laptopu akafanya alichoagizwa, kutoka megahezi 1 akashuka:

```c
SPI.beginTransaction(SPISettings(100000, MSBFIRST, SPI_MODE0));
```

Bado 22. Akatoa sifuri nyingine, 10000, yaani spidi ya kobe kabisa. Bado 22, na wala haikupungua, ilikuwa ile ile tu.

Hapa wengi tungempigia bosi simu kusema waya umekufa, tubadilishe. Rehema akakaa juu ya ndoo akaomba daftari la mzee. Nimeona logi za mitambo ya mamilioni ambazo hazifiki hata robo ya daftari lile. Kila kosa lina tarehe, saa, valvu iliyobonyezwa, valvu iliyofunguka, na hali ya hewa, "ukungu", "baridi kali", "jua". Makosa yote yako kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, siku za jua la mapema hakuna. Na ukisoma namba zenyewe, 1 mpaka 15 hazijawahi kukosea. 18 inatoa 19, 21 inatoa 22, 24 inatoa 25, 30 inatoa 31. Sasa ile ya 16 ndo ikamtoa kwenye ndoo: "nimebonyeza 16, zimefunguka 16 na 17 pamoja."

Kelele haiwi na adabu hivyo. Kelele ingetupa namba popote, leo 5 kesho 29. Hii inasogeza kila kitu hatua moja mbele, na inaanzia sehemu moja tu, kutoka bodi ya pili kwenda ya tatu, na biti ya mwisho ya bodi ya pili inaonekana mara mbili, kwake na kwa jirani. Maana yake bodi ya tatu inapokea biti mapema kwa kloki moja. Mapema, sio kwa kuchelewa. Bosi alikuwa anatibu ugonjwa wa upande wa pili.

Akatoa oskiloskopu, akabana probu kwenye waya wa data unaoingia bodi ya tatu. Akabonyeza 21, ikafunguka 21. Akarudia, 21. Akatoa probu, 22. Akairudisha, 21.

"Hicho kidude kinatengeneza?" Mzee Mgaya akauliza. "Kiache hapo hapo basi, tukalime."

Rehema alicheka mpaka baridi ikapungua, lakini mzee alikuwa amesema jambo. Probu sio hewa, ina kapasitansi yake, pikofaradi kumi na kitu, na ukiiweka kwenye waya unauchelewesha kidogo sana. Kwa hiyo data ikicheleweshwa kidogo, mfumo unapona. Akahamisha probu kwenye waya wa kloki wa bodi ile ile, hali ikawa mbaya zaidi, hata jua lilipoanza kuchungulia bado ikawa inakosea. Data ikichelewa nafuu, kloki ikichelewa balaa.

Mzee alitaka kuelewa, na yeye sio mtu wa kudanganywa na maneno makubwa. Rehema akamwambia achukulie watu 32 wamejipanga mstari wanapokezana ndoo, filimbi ikilia kila mtu anachukua ndoo ya mwenzake wa nyuma na kuweka yake chini kwa anayefuata. Inaenda vizuri kama wote wameisikia filimbi pamoja. Sasa yule wa 17 masikio yake mazito, filimbi inamfikia imechelewa, na wa 16 ana mikono myepesi, ameshabadilisha ndoo. Wa 17 anainama kuchukua, anakuta ile ambayo alitakiwa aichukue filimbi inayofuata.

"Na ukipiga filimbi polepole?"

"Haisaidii mzee. Filimbi moja na nyingine hata zikipishana saa nzima, shida iko ndani ya filimbi ile ile moja."

"Ahaa. Kwa hiyo huyo bosi wako..."

"Tumwache bosi."

Kwenye datashiti ile inaitwa holdi taimu, muda ambao data inatakiwa itulie baada ya ukingo wa kloki ili flipu-flopu iishike vizuri, na ndugu yake ni setapu taimu, ya kabla ya ukingo. Chuoni setapu ndo inaimbwa, kwasababu ndo inayoamua spidi ya juu ya saketi, na ukikwama unapunguza kloki unaokoka. Holdi ikivunjwa kloki hata uilaze haisaidii, kwasababu kwenye hesabu yake urefu wa kloki haumo kabisa. Kinachopimwa ni data inatumia muda gani kufika ukilinganisha na kloki imechelewa kiasi gani, basi.

Kilichobaki ni kwanini asubuhi, na kwanini bodi ya pili tu wakati zote nne ni mapacha. Akabana probu mbili kwa pamoja, data na kloki, ili mzigo ulingane. Kloki ya bodi ya tatu ilikuwa nyuma ya kloki ya bodi ya pili kwa kama nanosekunde 17, karibu zote zinaliwa na rizista na kapasita za kichujio, zilizobaki za bafa. Data nayo inatoka kwenye chipu kama nanosekunde 18 baada ya kloki yake. Yaani mfumo mzima wa kumwagilia parachichi unaning'inia kwenye nanosekunde 1. Na chipu za simosi zikipata baridi zinakuwa nyepesi, data inatoka mapema zaidi, ila rizista na kapasita havijali sana kama ni Njombe au Dar, kuchelewa kwake kuko pale pale. Asubuhi ile nanosekunde 1 inaliwa yote. Saa 4 inarudi.

Kuhakikisha, akamtuma kijana wa mzee akaazime draya kwa dada mwenye saluni barabarani. Kesho yake alfajiri, baridi ile ile, akapuliza chipu ya bodi ya pili peke yake, na 21 ikafunguka 21. Akaiacha ipoe, 22. Akapuliza chipu ya bodi ya kwanza, hakuna mabadiliko.

Na ile chipu ukiitazama kwa tochi, maandishi yake ni tofauti na wenzake watatu. Toleo jingine. Ilibadilishwa baada ya radi, imenunuliwa Kariakoo, na haikuwa feki wala mbovu, ilikuwa na spidi kuliko zile za zamani. Datashiti inakuahidi kwamba haitachelewa kupita kiasi fulani, lakini kwa kuwahi haikuahidi chochote, na ubunifu wa bodi ulikuwa umeegemea kwenye uvivu wa chipu bila mtu kujua.

Dawa ya siku ile aliitoa kwenye kopo lake la vipuri, rizista ya omu 330 kwenye waya wa data na kapasita ya pikofaradi 100 kwenda graundi, nanosekunde kama 20 za ziada. Alfajiri iliyofuata ilikuwa na barafu kwenye majani, mzee akabonyeza zote 32 kwa mkono wake, moja moja, huku anaandika.

Akampigia bosi akiwa stendi.

"Kwa hiyo spidi?" akauliza Kessy.

"Niliishusha mpaka kilohezi 10, haikubadilika kitu. Ni holdi, bosi. Kloki inachelewa kwenye kichujio, data inawahi."

Kimya kidogo. Kichujio kile kilikuwa wazo la Kessy mwenyewe.

"Na bodi mpya tunafanyaje? Tuweke rizista kote?"

"Hapana, ile ni kiraka tu. Kabla data haijatoka kwenye bodi, tuipitishe kwenye flipu-flopu ya 74HC74 iliyopewa kloki iliyogeuzwa, ili igonge kwenye ukingo wa kushuka. Tunapata nusu kloki nzima, kwa megahezi 1 ni nanosekunde 500. Na kuanzia hapo ukisema punguza spidi, itasaidia kweli."

"Unanitania wewe."

"Nakutania bosi. Ila kuna seti nyingine tumefunga Lushoto, kule nako baridi. Hazijaleta shida?"

"Hazijalalamikiwa."

"Zimewahi kubadilishwa chipu?"

Kessy akaanza kupekua makaratasi, anasikika kabisa. "Moja. Mwezi uliopita."

"Basi nitapitia huko huko," akasema Rehema, akamsimamisha kondakta kuuliza basi la Korogwe atalipata wapi.