Barua kwa watengenezaji wa Counter-Strike kuhusu MP5

Ilala, Dar es Salaam

Kwa timu inayosimamia silaha katika mchezo wa Counter-Strike,

YAH: KUONDOLEWA KWA MP5 ISIYO NA SAILENSA

Salamu nyingi kutoka Dar. Nimecheza mchezo wenu tangu enzi za 1.6, wakati kafe za intaneti za hapa mjini zilipojaa vijana waliounganisha kompyuta zao kwa waya na kucheza de_dust2 hadi mwenye kafe azime umeme. Bado nacheza mpaka leo. Nina swali moja ambalo sijawahi kuona likijibiwa kikamilifu: kwa nini mliiondoa MP5?

Naizungumzia ile ya zamani, weapon_mp5navy, ambayo kwenye menyu ya 1.6 mliiita KM Sub-Machine Gun. Bei yake ilikuwa dola 1,500, risasi 30 kwenye magazini na 120 za akiba. Ilikuwapo katika 1.6 na katika Source ya mwaka 2004. Ilipotoka Global Offensive, Agosti 2012, haikuwamo. Mahali pake tulikuta MP7.

Kwa sisi tusiokuwa na shabaha ya kutisha, MP5 ndiyo iliyotufundisha uchumi wa mchezo huu. Mkishinda raundi ya bastola, pesa ilitosha MP5 na fulana yenye kofia kwa dola 2,500 tu, na chenji ya mabomu ikabaki. Bei hiyohiyo ilinunua AK-47 peke yake, kifua wazi. Ukiwa na MP5 ulikimbia kasi ileile ya mtu aliyeshika kisu, jambo ambalo mbeba AK hakuweza, na mtutu wake haukupanda ovyo ukimimina risasi. Kwenye cs_assault, ndani ya zile njia finyu za hewa, sikuwa na hamu ya bunduki nyingine. Na mlio wake! Wenzako waliokaa meza ya pili waliusikia wakajua umekutana na adui upande gani, kabla hujasema neno.

Nimejaribu kulitafuta jibu mwenyewe. Wapo wanaosema ni suala la haki za jina na umbo la bunduki halisi. Hilo halinikai akilini, kwa sababu MP7 na UMP-45, ambazo mliziweka, zinatoka kiwanda kilekile cha Kijerumani kinachotengeneza MP5. Tena kwenye 1.6 mlijua kutumia majina ya kubuni: hata AK mliiita CV-47. Wengine wanasema ilikuwa na nguvu kupita kiasi, watu wakaacha kununua SMG nyingine. Hoja hii naielewa zaidi, lakini bunduki iliyozidi wenzake hupunguzwa makali au hupandishwa bei. AWP imekuwa ikilalamikiwa miaka yote, na bado tunayo.

Najua mtasema MP5 ilirudi. Ni kweli, Agosti 2018 mlituletea MP5-SD, na nilifurahi mno. Ila iliyorudi ni ya sailensa, na ikatubidi kuchagua kati yake na MP7, wakati ule hukuweza kuwa na zote. Ni bunduki nzuri. Naitumia, na zawadi ya dola 600 kwa kila adui unayemwangusha ni uamuzi mzuri kwa SMG zote zenye zawadi hiyo. Lakini haina sauti niliyoizoea, na sailensa yake haitoki. M4A1-S na USP-S mmeziruhusu zivuliwe sailensa. Naelewa kwamba kwenye MP5-SD halisi sailensa ni sehemu ya bunduki yenyewe, basi ndiyo maana nauliza kwa nini mlichagua toleo hilo hasa, mkaacha lile ambalo wachezaji walikuwa wakililia.

Kama tatizo lilikuwa nafasi, Counter-Strike 2 ya 2023 imelimaliza. Sasa kila mchezaji anajipangia silaha tano za daraja la kati anazozitaka. MP5 ya kawaida ingekaa humo bila kumfukuza yeyote, na asiyeipenda asingeipanga.

Siombi ahadi kwamba itarudi. Naomba mtu aliyekuwapo kwenye maamuzi ya 2012 atuandikie aya moja au mbili: lilikuwa suala la leseni, la uwiano, au mlitaka tu mchezo mpya uwe na sura mpya? Hata jibu la tatu nitalipokea. Nalo nitalipeleka kwa jamaa zangu wa zamani wa kafe, ambao baadhi yao waliacha kabisa kucheza walipoikosa kwenye menyu.

Na kama rekodi ya ule mlio wa zamani bado mnayo kwenye hifadhi zenu, tafadhali msiifute.

Wenu mchezaji wa siku nyingi,

Salim