Mamangu, bei ya vile visutu nlikosea, niwie radhi

Asalaam aleikum mamangu, za huko Likoni? Matayarisho ya harusi yaendaje? Ni mie kijana wa duka la leso hapa Biashara Street. Jumanne uliponipigia kuuliza zile doti 40 za kisutu nlikwambia 550 kila doti. Bei hiyo si yake, nlikosea mie, na naomba uniwie radhi sana.

Ni hivi, tuna visutu vya aina mbili kwenye rafu moja, kuna vya kitambaa chepesi, hivyo ndo 550, na kuna vile ulivyovishika mwenyewe ulipokuja ukavipenda, pamba nzito, wekundu umekolea na mji umetulia vizuri, hivyo ni 700. Duka lilikuwa limejaa nami nikakusomea bei kwenye daftari bila kugeuka kutizama ni kipi unachokisema, nlitakiwa nitizame kwanza.

Linaloniuma zaidi ni kuwa wenzako wa sare ushawatangazia 550 na wengine washatoa, sasa itaonekana kama wewe ndo umeongeza bei. Tafadhali wafowadie ujumbe huu kama ulivyo, waone kosa ni la dukani si lako.

Nimekaa na mzee wa duka tukaongea. Badala ya 700 tutakuuzia 650, kwa hivyo doti 40 ni 26,000, zile 5,000 ulizotuma kwa Mpesa nishazitoa, salio ni 21,000. Na leso zote tutazikata na kuzipinda bure, kupinda kwa kawaida ni 50 kila doti, nazo ntazivusha feri mwenyewe nikuletee hadi mlangoni, nauli juu yangu. Chini ya 650 siwezi mamangu, nakwambia kweli, hapo duka linaingia hasara.

Kama mfuko hauruhusu, vile vyepesi vya 550 vipo na vyatosha wote 40, jumla 22,000, na kuvipinda pia ni bure. Ila nikwambie ukweli, vyaonyesha ukivishika juani, mtu atahitaji kuvaa kitu ndani. Nimekupigia picha za vyote viwili hapo chini, nimeviweka pamoja ili uone tofauti.

Na ukiona bora ununue kwengine, sitakasirika hata kidogo, niambie tu nikurudishie 5,000 yako yote siku hiyo hiyo na ya kutuma ntalipa mie.

Vile vizito nishakuwekea pembeni, hapana atakayeuziwa mpaka Jumamosi Alasiri. Ongea na wenzako kwanza usiharakishe. Ukichoka kuandika nitumie voisi, au nipigie, leo niko dukani mpaka Magharibi.