Elfu Tano na Mia Mbili

Saa nne usiku, gari limelala Tandika. Nimekaa siti ya nyuma, taa ya simu mdomoni, noti nazipanga pajani kwa rangi zake.

Kidaftari kinasema: watu wazima 312 kwa mia sita, 187,200. Wanafunzi 64 kwa mia mbili, 12,800. Jumla laki mbili kamili. Toa mafuta 75,000, mkononi ninatakiwa kuwa na 125,000.

Ninazo 119,800.

Nikahesabu tena. Nikakung'uta mfuko wa shati, nikapapasa chini ya siti. Kifuniko cha soda na karanga mbili.

"Vipi, konda?" Suka aliuliza, miguu juu ya usukani. "Tajiri anapiga simu."

"Subiri, kaka."

Wapiga debe! Kariakoo nimewapa mia tano mara nane, sijaandika. Elfu nne hiyo. Bado 1,200, nauli ya watu wawili.

Hapo nikamkumbuka yule bibi wa asubuhi, amejifunga khanga kiunoni, amemshika mumewe kwapani. Walishuka hospitali ya Temeke. Alifungua fundo la khanga, ndani mna mia tatu. Nikamwambia, "Shuka tu, mama," na kidole kikaandika wawili kwa mazoea.

"Imepungua elfu na mia mbili," nikamwambia Suka. "Kata kwenye posho yangu."

"Nani kala?"

"Wagonjwa."

Akaniangalia kwenye kioo. Akatoa mia sita mfukoni, akairusha nyuma bila kugeuka.