Barua ya kuomba uchunguzi wa kijiolojia, Kijiji cha Mlimani

Ofisi ya Mwenyekiti wa Kijiji,
Kijiji cha Mlimani.
3 Machi 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya.

Kupitia kwa: Mtendaji wa Kata

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA UCHUNGUZI WA KIJIOLOJIA KUFUATIA NYUFA ZA ARDHI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Asubuhi ya Jumanne, 11 Februari, baada ya mvua ya siku tatu, wananchi wa Kitongoji cha Juu waliukuta ufa ukikatiza mashamba yao. Siku hiyo mkono haukupenya. Jana tumeupima kwa futi kamba: urefu mita 210, na upana sentimita 31 mahali ulipoachama zaidi. Fito ya mita tatu haikugusa chini.

Kinachotutia hofu zaidi ni umbo lake. Umepinda kama mwezi mchanga, ncha zote mbili zikielekea bondeni, na ardhi ya upande wa chini imetitia kwa sentimita 20 hivi. Miti kadhaa imeinama. Milango ya nyumba mbili haifungi tena, na chemchemi iliyo chini ya mteremko, ambayo maji yake yalikuwa maangavu miaka yote, sasa inatoa tope. Nimelima udongo wa mfinyanzi tangu utotoni na nyufa za kiangazi nazijua. Huziba mvua inaponyesha. Huu hupanuka.

Kaya 12 zilizo karibu na ufa zimehamia kwa ndugu. Tumechimba mtaro wa kuchepusha maji ya mvua yasiingie ufani, na tumepigilia vigingi pande zote mbili ambavyo vijana hupima kila asubuhi. Daftari la vipimo na picha vimeambatishwa. Zaidi ya hapo hatuna utaalamu.

Naomba ofisi yako itutafutie mtaalamu wa jiolojia afike kabla mvua za masika hazijakolea. Atuambie kama mteremko mzima unateleza, kama maji yanakula udongo chini kwa chini na kuacha uwazi, au kama ni mpasuko wa miamba. Kila moja lina hatua zake, nasi hatujui tuchukue ipi. Atuoneshe pia mpaka wa eneo la hatari, hasa kuhusu shule ya msingi iliyo mita 400 chini ya ufa. Walimu wananiuliza kila siku kama wafungue madarasa, na mimi sina la kuwajibu.

Kama mtaalamu atachelewa, naomba maelekezo ya maandishi juu ya shule na kaya nyingine 27 zilizobaki mteremkoni. Wazee wengi hawataki kuacha makaburi na mashamba yao kwa neno langu tupu. Wameniahidi kwenye mkutano wa kijiji kwamba mtaalamu akisema wahame, watahama.

Nitampokea mgeni huyo mwenyewe na kumfikisha ufani, siku yoyote na saa yoyote.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenyekiti wa Kijiji,
Kijiji cha Mlimani

Nakala: Mkuu wa Wilaya, Diwani wa Kata, Mwalimu Mkuu, Shule ya Msingi