Kiatu Hakina Pindo

"Arobaini na tatu," alisema Baba Rama, akakiweka kiatu mezani kama hakimu aliyekwisha kutoa hukumu.

"Arobaini," alisema Rama.

Bi Mwajuma, muuza viatu vya mtumba, hakuinua kichwa. Alikuwa akisugua rangi nyeusi kwenye ncha ya kiatu kingine, kwa kitambaa kilichokwisha kuwa cheusi kuliko rangi yenyewe. Wiki ya kwanza ya Januari pale soko la Mgandini, Tanga, ugomvi wa namna hii huja kila baada ya nusu saa, na yeye huuacha uchemke kidogo kwanza.

Baba Rama ni fundi cherehani wa Barabara ya 7. Futi yake ilikuwa shingoni hata siku hiyo ambayo hakushona. "Suruali ya mtoto," alimweleza mwanawe, "naiachia inchi mbili za pindo. Mwaka ukigeuka nalishusha, suruali inarudi kuwa mpya. Miaka kumi na minne wewe, unakua kama muhogo wa mvua. Hii 43 tutaiwekea pamba puani, mwakani tutaitoa."

"Na mwaka jana ulisema hivyohivyo, baba."

"Mwaka jana nilikosea nini?"

Rama hakujibu. Alivua kiatu alichokuja nacho akamsogezea Bi Mwajuma. Ndipo mama yule akaacha kusugua.

Kilikuwa 41, kilichonunuliwa Januari iliyopita Rama akiwa darasa la saba na mguu wa 39. Bi Mwajuma alikigeuza. Juu ya vidole ngozi ilikuwa haina hata kasoro moja, kama kiatu cha kabatini. Nyuma kidogo, mahali kiatu kisipotakiwa kukunjika, ngozi ilikuwa na mikunjo mitatu mirefu, na chini yake soli ilikuwa imepasuka upande hadi upande. Kisigino kwa ndani kilikuwa kimechanika bitana, kile kitambaa laini, kwa sababu mguu ulikuwa ukipanda na kushuka kila hatua.

"Fundi, tazama," alisema. "Kiatu kina mahali pake pa kukunjika, hapa palipo papana kuliko pote. Mguu nao una pake, hapa penye kifundo cha kidole gumba. Viwili hivi vikikutana, kiatu kinaishi. Kiatu kikizidi urefu, mguu unajikunja nyuma zaidi, juu ya kile kipande kigumu kilicho ndani ya soli. Kigumu hakikunjiki. Kinavunja soli."

"Pamba je?"

"Pamba inazuia kidole kwenda mbele. Mkunjo haiusogezi." Akakirudisha kiatu. "Leo mguu wake unakitosha kabisa hiki. Lakini kimekufa kabla mguu haujakifikia."

Baba Rama alikitazama kiatu cha zamani kwa muda, jicho la fundi likisoma mshono. Halafu akamgeukia mwanawe: "Na hiyo arobaini yako umeipata wapi?"

Rama alionyesha kiatu chembamba, chenye pua iliyochongoka, kilichoning'inia kwenye msumari. Kilikuwa 40, na hakukuwa na nyingine ya aina hiyo. Hapo ukweli ukajulikana: kijana hakuwa akitetea mguu, alikuwa akitetea pua ya kiatu.

"Vaa," alisema Bi Mwajuma.

Kiliingia. Rama alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu hewani, akatabasamu.

"Simama. Na vaa soksi za shule, hizi hapa. Huendi shule peku."

Aliposimama, tabasamu likapungua. Mguu ukibeba uzito wa mwili hurefuka na kutanuka, na saa kumi jioni, tena katika joto hili la kaskazi, huwa umevimba kidogo kuliko asubuhi. Ndiyo maana wanaojua hununua viatu jioni. Kiatu kilichobana kidogo sokoni asubuhi kitakuwa jela wakati wa kutoka shule.

"Kinabana?" aliuliza baba.

"Hakibani."

"Chezesha vidole." Havikucheza.

Bi Mwajuma alitandika boksi lililokunjuliwa sakafuni, akamsimamisha Rama juu yake, visigino vikigusa ukuta wa mbao. Akachora kwa penseli aliyoishika wima, maana penseli ikilala inaingia chini ya mguu na kuiba nusu sentimita. Akanyoosha mkono kuomba futi, lakini Baba Rama alikwisha kuinama yeye mwenyewe. Kupima hamwachii mtu.

"Wa kushoto, 25.6. Wa kulia..." Alipima tena. "26 kamili. Miguu haifanani."

"Ya watu wengi haifanani. Unanunulia ule mkubwa."

Namba hizi za kwenye viatu, alieleza Bi Mwajuma, kila moja ni thuluthi mbili za sentimita. Zidisha namba kwa mbili, gawa kwa tatu, unapata urefu wa ndani. Baba Rama aliandika kwa penseli pale pale kwenye boksi: 40 ni 26.7, 41 ni 27.3, 43 ni 28.7. Mbele ya kidole kirefu inatakiwa ibaki sentimita moja hadi moja na nusu, kama upana wa kidole gumba cha mkono. Akatoa 26 katika kila moja.

"Arobaini inabakiza milimita saba," alisema, akimtazama mwanawe.

"Na arobaini na tatu karibu sentimita tatu," alisema Rama, akiitazama penseli.

Bi Mwajuma alileta 41, nyeusi, ya kamba, pua ya mviringo. Kwenye ulimi ilikuwa imepigwa muhuri wa 7, namba za Kiingereza, na Rama akashtuka akidhani ni ya mtoto mdogo. Kwanza mama aliikunja mara nne kwa nguvu mbele yao, akibonyeza soli kwa kucha. Mtumba uliokaa ghalani miaka mingi unaweza kung'aa, na soli yake ya povu ikamomonyoka kama mkate mkavu siku ya tatu. Hii haikutoa unga. Rama akavaa, akafunga kamba, akatembea mpaka kwa muuza ndoo na kurudi. Kisigino hakikupanda.

"Sasa akiba yangu iko wapi?" aliuliza Baba Rama. Sauti ilikuwa imelegea, ila swali lilikuwa la kweli.

Bi Mwajuma akachomeka ndani vitambaa vya soli vyembamba, milimita tatu. "Hizi zinajaza kina, urefu haziongezi. Anza nazo. Mwezi wa sita kikianza kubana juu ya vidole, zitoe. Pindo la kiatu ndilo hilo, dogo kuliko la suruali."

Rama aliutupia macho msumari wenye kile cha pua, akakaa kimya.

"Bei?"

"Elfu ishirini na tano."

"Si ndiyo uliyotaja kwa 43? Nimeshuka namba mbili, Bi Mwajuma. Ngozi imepungua, na bei ipungue."

Mama akakunja kitambaa chake cha rangi. "Fundi, nikikuletea kaptula ya mjukuu wangu badala ya suruali ya babu yake, ujira unapunguza?"

Baba Rama alifungua mdomo, akaufunga. Rama alianza kucheka kwanza. Zikahesabiwa elfu ishirini na mbili, na soli zile nyembamba bure.