Barua kwa wazazi na walezi: tupeni jina la maktaba yetu

Tanga, 4 Mei 2026

Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wote, darasa la awali hadi la saba

YAH: KUPENDEKEZA JINA LA MAKTABA MPYA YA SHULE

Assalamu alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wazee mnaosomewa barua hii na wajukuu, shikamooni.

Nianze na hili ili msome mkiwa mmetulia: barua hii haina mchango ndani yake. Hakuna pesa inayodaiwa. Tunachoomba ni jina.

Mnaopita njia ya nyuma mmeshaona chumba cha mwisho, kile cha karibu na mwembe, kimepakwa rangi nyeupe na dirisha limetiwa nondo. Miaka mingi kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Fundi seremala, ambaye ni mzazi mwenzenu, ameyachambua madawati yale, mbao nzima akazigeuza kuwa rafu. Ukiinama kwenye rafu ya chini utaona bado majina waliyoyachonga watoto wa zamani kwa ncha ya bikari. Nilimwomba asiyapige randa.

Mpaka leo vitabu vyetu vimekaa ndani ya sanduku la bati. Kufuli yake imeliwa na kutu kwa hewa ya bahari, na kila Jumatano na Ijumaa watoto wawili hulibeba, huku na huku, hadi chini ya mwembe. Vitabu 412 vimepita mikononi mwa watoto kwa njia hiyo. Vingine vimechanika, tukavishona kwa uzi na kuvibandika majalada ya maboksi. Watoto hawakungoja mtu awaambie sanduku lile liitweje. Wanaliita Bati. "Mwalimu, leo Bati inafunguliwa saa ngapi?" Ndipo nilipoelewa kwamba tukiandika tu "MAKTABA" juu ya mlango, chumba kitakuwa cha walimu. Kikiwa na jina linalotamkika na lenye habari nyuma yake, watoto watakiita chao.

Najua wengi mtaandika Shaaban Robert, nami nitafurahi. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, si mbali na hapa tulipo, na Machui ndiko alikozikwa mwaka 1962. Alikuwa karani wa serikali, mtu wa ofisi na mihuri, na bado akaiachia lugha yetu yote aliyoiachia. Kila nikifundisha mashairi yake watoto hushangaa kuambiwa kwamba ni mtu wa hapa hapa. Wamezoea kudhani kwamba waandishi hutoka mbali. Ila nawaomba msiliandike jina lake kwa kuwa ndilo la kwanza kuwajia. Andikeni na sababu. Kama babu yako alimwona kwa macho, kama mama yako alikuimbia beti zake, hiyo ndiyo habari tunayoitaka.

Yuko pia Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa pwani yetu hii, aliyetunga utenzi juu ya vita vya Wadachi, Abushiri alipowakabili Wajerumani huko Pangani mwaka 1888. Bila utenzi ule, habari za vita vile tungezisikia zaidi kwa kinywa cha walioshinda. Na mkiona jina la mwanamke linafaa zaidi, wala msisite: Bi Shakila alizaliwa Pangani, akaimba hapa mjini na Black Star, na wimbo wa taarabu ni shairi kabla haujawa wimbo. Shuleni kwetu wasichana ndio wanaoazima vitabu zaidi. Ningependa wakiinua macho mlangoni waone jina la mwenzao.

Lakini si lazima jina liwe la mtu maarufu, wala la mtu. Nilipowauliza darasa la sita, mtoto mmoja alisimama akasema, "Sitini na Mbili." Wenzake wakacheka. Akaeleza: mkonge ulipoletwa huku mwaka 1893, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kutoka kwa hiyo 62 yakaja mashamba yote. Vitabu vyetu ni vichache, akasema, lakini vitazaa. Darasa likanyamaza. Jioni ile ile mtoto mwingine alinifuata ofisini akaniambia babu yake alikuja Tanga kwa manamba, akakata mkonge hadi mikono ikaharibika, na kwamba yeye asingependa maktaba iitwe kwa jina la mkonge. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa. Mabishano ya namna hiyo nayataka yafike na nyumbani, kwenye baraza, baada ya chakula cha usiku.

Na kuna majina ambayo sisi walimu hatuyajui, ninyi mnayajua. Bibi aliyewafundisha watoto wa mtaa mzima kusoma kwa mkaa ukutani. Mzee aliyekuwa akiwasomea majirani barua zao, na siri zao akafa nazo. Kama yupo mtu wa namna hiyo katika mtaa wenu, tuandikieni. Mtu huyo awe ameshatangulia mbele ya haki, na familia yake iwe imeridhia. Jina la aliye hai hatutalipokea, awe kiongozi, mfadhili, au mwalimu yeyote wa shule hii. Wala hatutapokea jina la kampuni. Na liwe fupi: mtoto wa darasa la kwanza aweze kulisoma herufi kwa herufi kabla hajaingia ndani.

Andikeni kwenye kipande chochote cha karatasi: jina, sababu yake, na jina la mwanafunzi wenu. Sababu ikiwa ndefu, geuzeni karatasi. Ambaye kuandika kunamwia vigumu asikae nje ya jambo hili. Amtume mtoto aje aniambie kwa mdomo, au aje mwenyewe wakati wa mapumziko, saa nne na nusu asubuhi, nitaandika anavyosema na kumsomea nilichoandika. Sauti kwenye kundi la wasapu la darasa pia tunapokea. Mwisho ni Ijumaa, 22 Mei 2026.

Siku ya Jumamosi, 30 Mei, saa tatu asubuhi, kamati ya shule na walimu tutayasoma mapendekezo yote kwa sauti chini ya mwembe, na kila mzazi anakaribishwa. Tutabakiza matano. Jumatatu yake watoto watachagua. Tutapanga vifuu vitano vya nazi, kila kimoja na jina lake, na kila mwanafunzi, hata wa darasa la awali, atatia punje moja ya mahindi anapopenda. Zitahesabiwa mbele yao. Jina litakalopata punje nyingi ndilo litakaloandikwa juu ya mlango, hata kama si nililolipenda mimi. Sababu yake tutaiandika kwa herufi ndogo kwenye ubao pembeni mwa mlango, pamoja na jina la familia iliyoipendekeza.

Sanduku la bati halitupwi. Kuanzia kesho litakuwa nje ya ofisi ya walimu, kifuniko wazi. Humo ndimo mtakamotumbukiza karatasi zenu.

Wenu katika malezi,

Mwl. Mwanahamisi
Mwalimu wa Kiswahili na msimamizi wa maktaba